Mnaosingizia "kiwango cha makosa" kwa utafiti wa maoni wa uchaguzi wa Kenya 2022, mmeusoma kweli?

Wakuu, nimechoka. Uchaguzi ule wa rais ukitajwa hapa, mmoja anadai watafiti walihongwa, mwingine anawatetea kwa "kiwango cha makosa". Wote wawili wameishia kwenye kichwa cha habari: Raila asilimia 47, Ruto 41.

Chukueni utafiti wa Ipsos wa mwisho wa Julai. Walihojiwa watu 6,105, kiwango cha makosa asilimia 1.25 juu au chini. Hicho ni cha namba ya mgombea mmoja. Pengo kati ya wawili huyumba karibu maradufu, kwa kuwa sampuli ikimzidishia huyu, mara nyingi imempunguzia yule. Kwa hiyo pengo la 6 lingeweza kuwa 4 kasoro, au 8 na kidogo. Bado Raila yuko mbele! Ila tume ya uchaguzi, IEBC, ilimtangaza Ruto mshindi kwa 50.49, Raila 48.85. Bahati ya sampuli peke yake haielezi hilo.

Tazameni waliofichwa chini ya jedwali: asilimia 5 hawajaamua, 4 walikataa kusema. Jumla 9, kubwa kuliko pengo lenyewe. Raila aliongeza pointi 2 hivi, Ruto zaidi ya 9. Mwandishi aliyeiacha hiyo 9 nje ya kichwa cha habari alitupotosha, na inaniudhi sana.

Baba Zuhura: Mimi nina miaka 58, hakuna aliyewahi kuniuliza. Watu elfu sita watasemeaje mamilioni?

Mwanzisha uzi: Mzee wangu, kutokuulizwa si kosa la utafiti. Wakichaguliwa kwa bahati nasibu nchi nzima, elfu sita wanatosha. Tatizo huja ukikata vipande: wa kaunti moja wakiwa 100, kiwango cha makosa kinafika karibu 10.

Nyambura_Thika: Basi ni rahisi, wote 9 walikuwa wa Ruto.

Karani wa Dodoso: Dada, hapo umepatia nusu. Nimefanya kazi ya kuhoji mlango kwa mlango. Swali huwa "uchaguzi ungefanyika leo, ungempigia nani?" Anayejibu yuko kwake, hana foleni wala jua. Siku yenyewe walijitokeza kama asilimia 65 tu ya waliojiandikisha. Wafuasi wa mmoja wakibaki nyumbani kuliko wa mwenzake, namba zinageuka bila yeyote kubadili msimamo. Kiwango cha makosa hakipimi hilo.

Nyambura_Thika: Na wale 4 waliokataa? Rais aliyekuwa madarakani alimuunga mkono Raila. Mgeni akibisha na tableti mkononi, wa Ruto angesema?

Karani wa Dodoso: Wapo walioniangalia kwanza beji. Lakini hata wa Raila walinyamaza kule walikokuwa wachache. Walikuwa wa nani zaidi, sijui, na jedwali lile halisemi.

Mwanzisha uzi: Basi anayedai hongo alete hoja inayopita hapo.