Tafakuri za Kiswahili zinazonuka tafsiri: imetosha!

Mzizi_Mkavu: Naandika kwa hasira. Kila tafakuri ninayofungua siku hizi inaanza na "Wahenga walisema", inafuata methali nzima, kisha "methali hii inatufundisha kwamba…" Huo ni mtindo wa insha za shuleni, ambako mtahiniwa hupimwa kama anaijua maana. Msomaji wako anaijua tangu utotoni. Ukimfafanulia, unamdharau.

Mtu anatafakari alivyokaa kwa kaka yake bila kazi, anaandika: "Wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hii ilinifanya nitambue kwamba nilikuwa mzigo." Kwa nini asiandike: "Ya tatu ikafika, jembe sikupewa. Ila wifi aliacha kuniuliza kama nimekula"? Methali imo, tena nusu tu. Nusu nyingine msomaji anaimalizia mwenyewe.

Na nahau! "Kifo cha bibi kilinivunja moyo." Jamani, kuvunjika moyo ni kukata tamaa ya kuendelea na jambo. Msomaji anasubiri aambiwe ni jambo gani uliloliacha. Kama ni msiba, sema bibi alituachia majonzi.

Bwana_Kalamu: Tatizo ni moja tu, hisia kufanywa mtenda. Kiswahili hakina hilo. "Upweke ulinifanya nilie" ni makosa, sema "nililia kwa upweke." Mtu ndiye atende, basi.

Mzizi_Mkavu: Mfano wako sawa, kanuni siyo. Hofu humwingia mtu, usingizi humchukua, majonzi humshika. Hisia zinatenda, lakini kwa vitenzi vyake zenyewe. Kinachokwaruza sikio ni "ilinifanya", "ilinipelekea", "iliniruhusu". Pitia rasimu ukizisaka hizo peke yake, uanze sentensi upya na mtu. Kisha saka "wangu" na "wake" kwenye viungo vya mwili: "aliweka mikono yake kwenye kichwa chake" ni "alijishika kichwa" tu. Halafu soma kwa sauti. Ukikwama pumzi katikati, mara nyingi kuna "ambayo" mbili tatu zimebanana.

Nyeri_Kwetu: Mimi lugha mama ni Kikuyu, naandika Kiswahili. Tuna methali kwamba kikundi kidogo ndicho huinua kinu. Niitafsiri, au niweke "umoja ni nguvu"?

Bwana_Kalamu: Weka "umoja ni nguvu". Ya kwenu haitaeleweka.

Mzizi_Mkavu: Hapana! "Umoja ni nguvu" imechakaa mpaka haisikiki. Kinu kila mtu anakijua. Waonyeshe watu wachache wakikiinua, usiseme ni methali.

Nyeri_Kwetu: Lakini nisiposema ni ya kwetu, si nitakuwa nimeificha asili yake?

Bwana_Kalamu: Ndiyo maana nikasema aiache.

Mzizi_Mkavu: Mpe kinu mzee wa Nyeri aliye ndani ya maandishi, aseme yeye. Lakini kama tafakuri haina mzee, hapo sina jibu. Mwenye nalo alete.