Keki moja, sukari nne: ya asali imenishinda, nisaidieni

MamaZai, Morogoro

Habari zenu wapishi. Naoka keki za oda nyumbani. Kuna mama ananitaka nimtengenezee keki ya mwanawe isiyo na sukari nyeupe, akaniachia nichague kati ya sukari ya brauni, sukari guru na asali. Sikutaka kubahatisha, kwa hiyo Jumamosi nikaoka keki nne kwa kipimo changu cha siku zote: unga wa ngano gramu 250, siagi gramu 200, mayai 4, maziwa mililita 120, bekingi poda vijiko 2 vya chai, na sukari gramu 200. Oveni ya umeme, nyuzi 180, dakika 40. Nilichobadilisha ni sukari tu, uzito ule ule.

Ya sukari nyeupe ilitoka kama kawaida. Ya brauni nayo sikuiona tofauti, labda rangi kidogo. Ya guru nilikwaruza bonge kwa kikwaruzo cha karoti. Ilinukia vizuri sana ila ndani ilikuwa na madoa meusi na vipande vilivyogoma kuyeyuka.

Asali ndiyo iliyonitoa jasho. Dakika ya 20 juu ilikuwa tayari rangi ya kahawa. Dakika ya 40 imekuwa nyeusi, nikaitoa, ikadidimia katikati hapo hapo mezani. Nilipoikata, chini kulikuwa na tabaka zito linalonata kama ugali usioiva. Na asali yenyewe ni bei. Nimekosea wapi?

FundiOveni

Mama Zai, umefanya jambo zuri kubadilisha kitu kimoja tu, maana sasa tunaweza kuona kosa liko wapi. Nimefanya kazi ya bekari miaka mingi na kosa hili nimeliona kwa kila anayeanza na asali.

La kwanza ni maji. Asali si sukari kavu. Karibu sehemu moja katika tano ya uzito wake ni maji, kwa hiyo kwenye gramu zako 200 uliingiza maji ya gramu 35 hivi bila kujua, juu ya maziwa yako yote 120. Hilo ndilo tabaka la chini. Punguza maziwa mpaka 80 au 85.

La pili ni rangi. Sukari nyeupe ni mvivu kubadilika rangi. Lazima ipate joto kali kwanza. Sukari zilizomo ndani ya asali ni za aina nyingine, zinashikana na protini ya mayai na maziwa upesi sana, na moja yao inaanza kuungua joto likiwa bado chini. Kwa nyuzi 180 ngozi ya juu inaiva na kuwa nyeusi kabla joto halijafika katikati. Oka kwa nyuzi 160, muda uongeze hadi dakika 50 au 55, na ukiona rangi imetosha funika juu kwa foili bila kuibana. Usiamini rangi kabisa kwenye keki ya asali. Amini kijiti.

La tatu watu wengi hawalifikirii. Unapopiga siagi na sukari, punje za sukari ndizo zinazochimba vitundu vya hewa ndani ya siagi. Asali haina punje. Ukipiga siagi na asali hata nusu saa hupati ule weupe mwepesi, na keki inakuwa nzito hata kama maji umeyapima vizuri. Mimi nisingetumia asali peke yake kwenye keki ya siagi. Ningeweka sukari yenye punje gramu 100 na asali gramu 100. Hapo maziwa unapunguza mililita 18 au 20 tu, oveni nyuzi 165 hadi 170.

Chausiku_TZ

Mimi huwa naweka magadi soda kijiko kizima cha chai kwenye keki ya asali na inaumuka vizuri. Asali ina uchachu, magadi yanaukata. Tena yanasaidia keki isiungue. Jaribu dada, usihangaike na kupunguza maziwa.

FundiOveni

Chausiku, la uchachu uko sahihi. Asali ni chachu na magadi kidogo yanaukata, na hapo ndipo gesi inapotoka ikasaidia keki kupanda. Lakini kuungua ni kinyume chake: magadi yanaongeza weusi. Uchachu ndio unaochelewesha rangi, ukiuondoa unaipa rangi nafasi ya kukimbia. Kwa gramu 200 za asali robo kijiko cha chai inatosha. Kijiko kizima kinabakiza ladha ya sabuni, hasa siku ya pili.

Chausiku_TZ

Ladha ya sabuni sijawahi kuisikia. Labda kwa sababu naweka na mdalasini mwingi. Lakini ni kweli keki zangu huwa nyeusi, nilidhani ni rangi ya asali ya Tabora.

Akinyi_Kisumu

Naomba nizungumzie brauni, kwa sababu MamaZai anasema hakuona tofauti na hakukosea. Mapishi mengi tunayoyasoma kutoka Marekani na Uingereza yanaposema sukari ya brauni yana maana ya ile laini yenye unyevu, iliyochanganywa na molasi. Ile ndiyo inayofanya biskuti ziwe laini katikati. Brauni yetu ya dukani huku kwa kawaida ni sukari ya kiwandani ambayo haikusafishwa mpaka mwisho. Ina rangi, lakini ni kavu na punje zake ni kubwa, kwa hiyo kwenye keki inafanya kazi karibu sawa na nyeupe. Kilichobaki ni kuipiga na siagi muda mrefu zaidi, ama uisage kidogo kwenye blenda, maana punje kubwa zisipoyeyuka zinaacha madoadoa juu ya keki.

Jinsi ya kujua: kamata ngumi moja, ikaze, halafu fungua mkono. Ikibaki na alama za vidole ni ile laini. Ikimwagika kama mchanga, ihesabu kama nyeupe.

Ile laini unaweza kuitengeneza mwenyewe. Sukari nyeupe gramu 200, molasi kijiko kimoja cha chakula, sugua kwa vidole mpaka rangi ienee. Lakini tafadhali, molasi inayouzwa kwenye duka la dawa za mifugo ni ya ng'ombe, haikuandaliwa kwa chakula cha watu. Nimeona mtu akiishauri kwenye kundi lingine nikashtuka. Ukikosa molasi ya chakula, tumia nguru.

MamaZai, Morogoro

Nimekimbilia jikoni kukaza ngumi. Imemwagika kama mchanga! Kumbe miaka yote nilikuwa nalipia rangi. Sasa hiyo nguru, ambayo sisi tunaiita guru, mnaitumiaje bila mabonge?

Akinyi_Kisumu

Usiikwaruze ukaitia kavu, dada. Ivunje, pima gramu 200, weka kwenye sufuria na maji mililita 60, moto mdogo, koroga mpaka iyeyuke yote. Usiichemshe sana ikaanza kuwa nzito, itakugeukia kashata. Halafu chuja kwa chujio la chai. Utashangaa kinachobaki kwenye chujio: nyuzi za miwa, majivu, wakati mwingine mchanga. Hayo madoa yako meusi huenda yalikuwa ndiyo hayo. Acha ipoe kabisa kabla haijagusa mayai. Yale maji 60 yatoe kwenye maziwa, kwa hiyo maziwa yanabaki 60.

Na uyeyushe kwa maji, siyo kwa maziwa. Niliwahi kuchemsha nguru ndani ya maziwa yakakatika mara moja yakawa kama mtindi. Nguru nyingine zina uchachu.

Rangi yake inakuja upesi kuliko nyeupe lakini si kama asali. Kwa oveni yangu nyuzi 170 inanitosha.

Mzee_wa_Kahama

Samahani, mimi nina kisukari tangu 2015. Kati ya hizo nne ipi nile bila wasiwasi? Naambiwa asali haina shida kwa sababu ni ya asili.

FundiOveni

Shikamoo mzee. Hapa tunaongelea namna keki inavyoiva, na kwa hilo zinatofautiana. Kwa mwili wako zote nne ni sukari na zote zinapandisha sukari ya damu, asali ikiwemo. Usile kwa kutegemea jina. Muulize daktari au muuguzi wa kliniki yako kiasi gani unaruhusiwa.

Bi_Mwanaisha, Tanga

Mimi sina oveni, naoka kwa jiko la mkaa, sufuria na mchanga chini, makaa juu ya mfuniko. Hizo nyuzi 160 nazipata wapi? Keki ya asali niliijaribu Ramadhani ikaungua juu kabla watu hawajamaliza kuswali tarawehe.

FundiOveni

Bi Mwanaisha, joto linaloipa rangi keki yako ni la makaa ya juu. Anza na ya chini peke yake, mfuniko utupu, kwa nusu saa ya kwanza. Keki ikishapanda na kushikana katikati, ndipo uweke makaa machache juu, dakika kumi za mwisho. Na tumia sufuria pana ili keki iwe fupi. Keki ya asali ikiwa nene kwenye mkaa, katikati haiivi kabla juu haijaungua.

MamaZai, Morogoro

Narudi na majibu. Jana nimeoka mbili. Ya nusu kwa nusu, brauni gramu 100 na asali gramu 100, maziwa 100, magadi robo kijiko, nyuzi 165. Dakika ya 35 rangi ilikuwa imetosha nikafunika foili, dakika ya 48 kijiti kikatoka kikavu. Haikudidimia. Ya guru nimefanya kama Akinyi alivyosema, haina hata bonge moja, ila imepasuka juu na imekuwa fupi kuliko ya asali.

Leo asubuhi nimezikata tena. Ya asali imekuwa laini kuliko jana, ila ngozi ya juu inanata vidoleni, na huku mvua zimeanza. Mteja anataka kuichukua Ijumaa aipeleke sherehe Jumapili.

Akinyi_Kisumu

Kunata ni asali inavuta unyevu wa hewa. Uzuri wake ndio huo huo ubaya wake: keki haikauki, lakini kwenye hewa nzito juu inalowa, na ukiifunga ikiwa bado ya moto ukungu unaweza kuiwahi kabla ya sherehe. Ipoze kabisa juu ya wavu, ndipo ufunge. Kwa Ijumaa hadi Jumapili mimi ningempa ya nguru.

FundiOveni

Mimi ningempa ya asali na kumwambia aiweke kwenye friji, aitoe saa mbili kabla ya kula. Hiyo ya guru kuwa fupi ni kwa sababu ukishaiyeyusha nayo haina punje za kukamata hewa, sawa na asali. Kupasuka kwake sina hakika. Bonge lile lile ulilonunua lingeweza kuwa na maji mengi au machache kuliko la wiki iliyopita, guru hazifanani. Ulinunua sokoni au kwa mtu anayepika mwenyewe?