Nimepesti meseji ya bei ya kununulia kwa mteja badala ya namba ya akaunti, nifanyeje?

DadaDagaa: Wakuu habari za asubuhi, niko hapa Mwaloni Kirumba nimechanganyikiwa. Mteja wa Dar kaomba namba ya akaunti alipie dagaa, nikaenda kwenye meseji ya benki nikaishikilia, nikakopi, nikarudi WhatsApp nikapesti nikatuma bila kuangalia. Kumbe imeenda hii:

```
[12/5, 06:41] Mzee Ukara: kilo 4,800
[12/5, 06:43] Mzee Ukara: nauli ya boti juu yako
```

Mimi namuuzia 7,500. Kufuta haraka haraka nikabonyeza `Delete for me`, kwangu imepotea kwake ipo, tiki za bluu kabisa. Na nina uhakika nilikopi!

Kapeto: Pole dada, piga huduma kwa wateja, hela ikienda namba isiyo yako wanairudisha ukiwahi.

DadaDagaa: Hakuna hela iliyotumwa kaka, soma vizuri 😩

Fundi_Igoma: Hukukopi. Ulishikilia maandishi yakawa ya bluu, ukagusa pembeni kabla ya kubonyeza Copy. Ikishindikana simu haikwambii kitu, inabaki na kile cha mwisho. Na hayo mabano yenye tarehe na jina yanaonyesha uliteua meseji mbili kwa pamoja ukazikopi, maana ukikopi moja yanakuja maneno matupu. Ulimfowadia nani asubuhi?

DadaDagaa: Ee kweli, mume wangu, ila yeye nilimpestia.

Fundi_Igoma: Basi ndiyo hiyo hiyo. Ukibonyeza `Delete for me` kwa bahati mbaya kuna `Undo` inatokea chini kama sekunde tano hivi, sasa imeshapita.

Bwiru_Boy: Hata angewahi, `Delete for everyone` mwisho saa moja tu.

Fundi_Igoma: Zamani. Siku hizi ni siku mbili na masaa kadhaa. Ila kashasoma, hata ungeweza kufuta angeona imefutwa, ungezidi kuonekana una la kuficha.

Mama_Nansio: Mimi nilimtumia bosi `#:~:text=bei%20ya%20sangara` peke yake 😂 akauliza ni paswedi? Ni mkia wa linki, Kroomu inauweka ukishea maneno uliyoyateua, nikakata vibaya kichwa kikabaki. Bila kichwa haifunguki popote.

Fundi_Igoma: Dada, namba ya akaunti usiikopi tena. WhatsApp Business ina `Quick replies`, unaihifadhi mara moja, kisha unaandika `/akaunti`, ikitokea unaigusa tu. Kwa mengine, pesti kwanza kwenye chati yako mwenyewe uione.

Bwiru_Boy: Au uipini kwenye klipubodi ya Gboard, isiyopiniwa inafutika baada ya saa moja.

Fundi_Igoma: Hapo sawa, ila bado utagusa ya jirani yake.

DadaDagaa: Kajibu: "Dada, hiyo nauli ya boti ni shilingi ngapi?" Sasa namwambia ukweli au napiga kimya?

Mama_Nansio: Mwambie, na umwongezee magunia na wapakiaji. Mwenzio kakupa mlango.