Kitabu cha historia ya kusini tulichouziwa hakisomeki kwa kisoma skrini, na mchapishaji anasema kimepita ukaguzi

Mwalimu wa Mikindani (mleta uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Mimi ni mwalimu wa historia nisiyeona, nafundisha sekondari hapa Mtwara, na naandika nikiwa na hasira ambayo sitaificha. Mchapishaji mmoja ametuuzia kitabu cha kielektroniki cha historia ya mikoa ya kusini, akatangaza kwamba kinawafaa wasomaji wote. Hakitufai sisi. Nakifungua kwa Thorium Reader kwenye kompyuta na kukisikiliza kwa kisoma skrini cha NVDA, na sura ya Tendaguru, mahali palipochimbwa mifupa ya dinosaria, peke yake inatosha kuonyesha ninacholalamikia.

Nikibonyeza herufi H, ambayo kazi yake ni kunipeleka kutoka kichwa kimoja hadi kingine, naambiwa hakuna kichwa. Mwenzangu anayeona ananihakikishia kwamba vichwa vipo, tena vikubwa na vyekundu. Tuliifungua faili yenyewe, kwa kuwa EPUB, aina ya faili ya kitabu hiki, ni kifurushi cha zip, tukakuta hivi:

```
<p class="kichwa-chekundu">Uchimbaji wa Tendaguru</p>
```

Hiyo ni aya ya kawaida iliyopakwa rangi. Kisoma skrini hakitambui kichwa kwa wekundu wala kwa ukubwa wa herufi, bali kwa alama iliyowekwa ndani ya faili, na hapo palistahili kuandikwa:

```
<h2>Uchimbaji wa Tendaguru</h2>
```

Kwa sababu hiyo, nikiwaambia wanafunzi wafungue sehemu ya uchimbaji, asiyeona hulazimika kusikiliza sura tangu mwanzo ilhali wenzake wameshaanza kujibu maswali.

Mpangilio wa maneno ndio ulionikasirisha zaidi. Kwenye ukurasa wa karatasi kuna kisanduku cha pembeni kiitwacho "Je, Wajua?". Mimi nasikia hivi: "Wajerumani walichimba mifupa hiyo kuanzia mwaka 1909 hadi Je, Wajua? Tendaguru iko kaskazini-magharibi ya mji wa Lindi 1913, na wapagazi waliibeba mifupa hadi bandari ya Lindi." Mwanafunzi anayekutana na habari hii kwa mara ya kwanza atajuaje kwamba 1913 ni mwaka uchimbaji ulipokoma, wala si sehemu ya maelezo ya kisanduku?

Kisha inakuja picha ya kiunzi cha dinosaria mkubwa kilichosimamishwa katika makumbusho ya Berlin. NVDA inanisomea "image_014.jpg", halafu swali linafuata: "Tazama picha, kisha linganisha miguu ya mbele na ya nyuma ya mnyama huyu." Nilinganishe nini? Nilipomwandikia mchapishaji, alinijibu kwamba faili imepita ukaguzi. Nataka kujua ni ukaguzi wa aina gani huo.

KijanaWaShangani

Mwalimu, shikamoo. Pole sana, lakini faili ikipita EPUBCheck maana yake haina kosa, kwa hiyo huenda tatizo liko kwenye programu unayotumia. Waombe wakupe PDF, kwa sababu PDF huhifadhi ukurasa kama ulivyo.

Bi Ndanda

Hata mimi nateseka. Simu ya baba yangu inasoma vitabu vya Kiswahili kama Mwingereza aliyeshuka melini jana, hata jina la Masasi halieleweki. Je, hilo nalo linatokana na vichwa?

MpangaKurasa Lindi

Bi Ndanda, hilo ni jambo jingine. Inawezekana kila faili ndani ya kitabu imeandikwa `lang="en"` mahali pa `lang="sw"`, au simu haijawekewa sauti ya Kiswahili. Anza kukagua sauti, kwa kuwa hilo liko mikononi mwako.

Ndugu wa Shangani, umesema nusu ya kweli. EPUBCheck huangalia kama faili imejengwa kwa kufuata kanuni za EPUB, na aya iliyopakwa rangi nyekundu haivunji kanuni yoyote. Hata Ace ya DAISY, inayokagua ufikivu, italalamika picha isipokuwa na maelezo kabisa, lakini haiwezi kujua kwamba sentensi imekatwa na kisanduku. Hilo hugunduliwa na mtu anayekaa na kukisikiliza kitabu. PDF nayo haiokoi kitu: kama haikuwekewa alama za muundo, itasomwa vibaya vilevile, na huenda zaidi.

Nafanya kazi ya kupanga kurasa, na nikisikia sentensi ya Mwalimu natambua jinsi kosa lilivyotokea. Inaelekea mpangaji alitumia programu ya InDesign, akaikata habari moja katika fremu mbili bila kuziunganisha, kisha akaweka kisanduku kati yake. Wakati wa kutoa EPUB aliacha mpangilio wa `Based on Page Layout`, ambao huokota vitu kwa kufuata mahali vilipo kwenye ukurasa. Angeziunganisha fremu mbili, habari ingetoka nzima. Kisanduku kingefungwa mwishoni mwa aya, au mfuatano wote ungepangwa katika paneli ya `Articles` na kuchaguliwa wakati wa kutoa.

Vichwa ndivyo vinavyonisikitisha, kwa sababu ni kazi ndogo. Katika mtindo wa aya, sehemu ya `Export Tagging`, unachagua `h2` mara moja, na kila kichwa kinachotumia mtindo huo hubadilika katika kitabu kizima. Maelezo ya picha huandikwa katika `Object Export Options`. Mwalimu, msiwakubalie wakirekebisha EPUB peke yake, kwani toleo lijalo likitolewa kutoka faili ileile ya zamani, makosa yote yatarudi.

Mwalimu wa Mikindani

Ahsante sana, ndugu yangu. Hapo umenipa maneno ya kuwaandikia. Nimewatungia hata maelezo ya picha hiyo, nikisaidiwa na mwenzangu anayeona:

```
alt="Kiunzi cha mnyama mkubwa kimesimama
ukumbini. Miguu ya mbele ni mirefu kuliko
ya nyuma. Shingo imeinuka juu sana."
```

Mwl. wa Nachingwea

Mwalimu mwenzangu, naunga mkono malalamiko yako yote isipokuwa maelezo hayo. Swali linamtaka mwanafunzi alinganishe miguu, nawe umempa jibu. Mimi ningeandika "Picha ya kiunzi" na kumwachia mwalimu aeleze darasani.

Mwalimu wa Mikindani

"Picha ya kiunzi" ni sawa na kuandika hakuna kitu. Anayeona anapata jibu kwa kutupa jicho mara moja. Kwa nini asiyeona asubiri jibu hilo kinywani mwa mwalimu, na nyumbani usiku amuulize nani?

MpangaKurasa Lindi

Nyote mna hoja. Pengine maelezo yangesema kwamba mgongo unateremka kutoka mabegani kwenda mkiani, na kwamba viwiko vya miguu ya mbele viko juu kuliko magoti ya nyuma, kisha mwanafunzi aamue mwenyewe kuhusu miguu.

Mwl. wa Nachingwea

Hayo yanakaribia ninachotaka, ingawa katika mtihani bado nisingeyakubali.

Mwalimu wa Mikindani

Mimi nina shaka na aliyezaliwa haoni, ambaye hajawahi kugusa kiunzi chochote, kama ataufuata mteremko huo mpaka kwenye miguu. Nitawasomea wanafunzi wangu maelezo yote mawili, niwasikilize. Kuhusu vichwa na kisanduku hatuna ubishi, na barua kwa mchapishaji inaondoka leo: tunataka faili ya awali irekebishwe, kila aliyenunua apewe nakala mpya bila malipo, na kabla ya kutolewa isikilizwe na mtu asiyeona kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho.