Maelekezo matatu ya bango la siku ya soko: lipi linaacha nafasi ya kweli ya maandishi?

MuuzaVyombo
Habari zenu wakuu. Nina duka dogo la ndoo, mabeseni na sufuria, na nataka bango la A3 la punguzo la siku ya soko. Picha itachorwa na programu ya akili mnemba, kisha niweke maandishi: kichwa, tarehe na bidhaa tatu zilizoshuka bei. Rangi nimechagua tatu tu: krimu, buluu iliyoiva na machungwa. Nimeandika maelekezo ya aina tatu, naomba mnisaidie kulinganisha.

A: "Bango la kuvutia la punguzo la siku ya soko, ndoo na mabeseni, rangi #F4E9D0, #1F3A5F na #E07A1F, acha nafasi ya maandishi, usiweke maandishi yoyote."

B: "Picha ya wima. Nusu ya juu ni ukuta mtupu wa krimu. Chini kuna meza ya mbao ya buluu iliyoiva, juu yake ndoo mbili za buluu na beseni moja la machungwa."

C: Kama A, ila nimeyaandika maneno yote ya bango ndani ya maelekezo, programu iyachore yenyewe.

Fundi_Bango
Chukua B, lakini ngoja kwanza nieleze A inaharibikia wapi, maana wengi wanaandika hivyo.

Neno "bango" na neno "punguzo" ndiyo yanayoleta herufi za ajabu. Programu imejifunza kwa picha nyingi mno, na mabango ya punguzo humo yamejaa maandishi, kwa hiyo ukitaja bango unaletewa na herufi zake. Kuandika "usiweke maandishi" mara nyingi hakusaidii, kwa sababu neno "maandishi" sasa limo ndani ya maelekezo nalo linavuta upande wake. Katika Stable Diffusion kuna kisanduku cha pembeni cha vitu usivyotaka, na Midjourney ina `--no text`. Hivyo vinasaidia kuliko kukataza katikati ya sentensi.

"Acha nafasi" nayo haichoreki. Programu inachora vitu. B imeigeuza nafasi ikawa kitu: ukuta. Hapo inajua cha kufanya.

Ila ukuta mtupu peke yake utakuletea nyufa, plasta iliyobanduka na kivuli cha dirisha. Ongeza "laini, rangi moja, mwanga sawa kila mahali". Na usiombe nusu, omba theluthi mbili. Vitu vya chini hupenda kupanda juu, mpini wa ndoo ukaishia pale unapotaka kuweka tarehe.

Kibao
Mkuu, mimi naona mnamhangaisha bure. Programu za sasa zinaandika vizuri. C inatosha, bango linatoka kamili, hakuna kuhangaika na programu ya pili.

Fundi_Bango
Kibao, kwa kichwa cha maneno mawili matatu upo sahihi, mpya nyingi zinaandika bila kosa. Tatizo linaanza kwenye mistari midogo: maneno yetu marefu kama "yaliyopunguzwa" hupoteza silabi katikati, na jicho lako likiwa limechoka hulioni hadi limechapwa. Tena siku ya soko ikisogezwa, C inakulazimu uchore picha upya, na haitatoka ileile.

Kuna na suala la ukubwa. Tuseme picha imetoka na upana wa pikseli 1024. A3 ina upana wa milimita 297, kwa hiyo unapata kama nukta 88 kwa inchi. Ndoo ikitazamwa kutoka mbali haidhuriki, lakini herufi zilizochorwa ndani ya picha hiyo zitakuwa na kingo zenye ukungu. Ukiweka herufi baadaye kwenye programu ya usanifu zinabaki kali hata ukikuza mara kumi.

Mama_Nyuzi
Mimi nauza vitambaa, na langu lilinikera kwenye rangi. Kwenye simu machungwa yaliwaka kweli kweli, yalipochapwa yakawa kama tofali. Mchapaji akaniambia wino hauwezi kuwaka kama skrini. Sasa naomba kipande kidogo cha majaribio kwanza, nakitazama juani, ndipo nachapa yote. Na nyie je, mnatumia fonti gani? Mimi napenda zile za mwandiko wa mkono.

Fundi_Bango
Dada, fonti tuiweke kando kwanza, ila hilo la majaribio ni muhimu. Rangi za skrini zinazowaka sana, hasa machungwa na kijani, hupoa kwenye wino. Asitegemee machungwa yabebe ujumbe.

Kibao
Rangi si atumie zile namba za A? Namba haikosei.

Rangi_Tatu
Kwenye programu ya usanifu, ndiyo, haikosei. Kwenye maelekezo ya picha, programu nyingi hazizifuati kwa usahihi, zinakaribia tu. Taja jina la rangi na kitu chake: "meza ya buluu iliyoiva", "beseni la machungwa". Namba ziweke kwenye herufi na pale utakaporekebisha picha.

Halafu rangi huambukizana. Ukisema ndoo mbili za buluu na beseni la machungwa, unaweza kupata ndoo yenye mdomo wa machungwa. Vitu vikiwa vichache, tena vya maumbo tofauti, tatizo hupungua. MuuzaVyombo, ningeacha ndoo moja tu.

Kwenye rangi zako nimepiga hesabu ya utofauti wa mwangaza. Buluu yako juu ya krimu inapata zaidi ya 9 kwa 1, inasomeka vizuri. Machungwa juu ya krimu ni kama 2.5 tu kwa 1. Viwango vya usomekaji wa skrini vinataka angalau 3 kwa 1 hata kwa herufi kubwa. Kwa hiyo tarehe iandike kwa buluu, machungwa yabaki kwenye beseni. Ukitaka kuhakiki mwenyewe, igeuze picha iwe nyeusi na nyeupe, kisha uipunguze ikae kama stempu. Kinachopotea hapo, mpita njia naye hatakiona.

Duka_Pembeni
Lakini beseni la kwenye picha analo dukani? Mteja akija kulitafuta akaambiwa halipo, atahisi kadanganywa. Mimi naona piga picha ya bidhaa zako kwa simu, programu ichore ukuta na meza tu, kisha uzibandike juu.

Rangi_Tatu
Hoja nzito hiyo. Ugumu wake ni mwanga: bidhaa iliyopigwa picha kwenye taa ya duka ikibandikwa juu ya meza ya mchoro huonekana inaelea. Azipige nje, mahali pa kivuli, kisha aongeze kivuli chepesi chini yake.

MuuzaVyombo
Asanteni sana. B yangu sasa imekuwa hivi:

```
Picha ya wima. Theluthi mbili za juu ni ukuta laini
wa krimu, rangi moja, mwanga sawa kila mahali.
Theluthi ya chini: meza ya mbao ya buluu iliyoiva,
juu yake ndoo moja ya buluu na beseni moja la machungwa,
vimekaa upande wa kulia. --ar 5:7 --no text
```

Hiyo 5:7 nimeiweka kwa sababu ndiyo inayokaribia umbo la A3. La Duka_Pembeni bado linanisumbua, nitachora na meza tupu pia nione.

Fundi_Bango
Ndoo ya buluu juu ya meza ya buluu itazama. Ifanye meza iwe ya krimu iliyokoza kidogo kuliko ukuta. Na kabla hujachagua picha, bandika maandishi yako yote juu ya kila moja, hata kwa fonti yoyote. Ile nzuri kuliko zote ikiwa tupu huenda ndiyo ya kwanza kukataa kichwa kikishawekwa.

Kibao
Mimi bado ningejaribu C kwa kichwa peke yake.