Mrejesho: video ya viazi karai

Niliuliza: "Short yangu ya viazi karai kule YouTube, sekunde 20, wastani wa kutazamwa ni asilimia 94. Mbona haisambai?"

Wakuu, ahsanteni. Aliyeniambia nitazame "Swiped away" kwenye takwimu za video ndiye aliyenifungua macho. Katika kila mara 100 video ilipotokea kwenye mlisho, 64 watu waliipitisha kwa kidole. Ile 94 ilibebwa na waliobaki, tena wengine waliirudia, maana Short ikiisha huanza tena yenyewe. Ndiyo maana wastani huo unaweza hata kupita 100.

Kwenye video ndefu mtu ameona kichwa na picha, akabonyeza. Grafu ya utazamaji inaanza na mtu aliyekwisha kuchagua. Kwenye mlisho wa Shorts hakuna aliyechagua. Video inamwangukia tu, na picha ya kwanza ndiyo inayomshika au kumpoteza.

Yangu ilianza na lango la Fort Jesus na "Hamjambo wapenzi". Lango zuri, lakini halina njaa. Nimepakia upya: inaanza kiazi chenye rojo la unga wa manjano kikitumbukia mafutani, mlio wake unasikika, salamu hakuna. Waliopitisha wameshuka hadi 41. Wastani wa kutazamwa nao umeshuka, 83, kwa sababu sasa wanabaki hata wasio na hamu sana. Mie siulilii.

Angalizo: asilimia ya waliopitisha ni ya mlisho pekee. Waliokuja kwa kutafuta hawahesabiwi humo.