Tupeane uzoefu: bendi zikibana halafu bei ikaanza kutembea nazo, wewe hufanyaje?

Pipsi wa Kahama
Wakuu habari za Jumapili, masoko yamefungwa ndo muda wa kupiga stori. Naongelea zile Bollinger Bands za kawaida kabisa, muvingi averaji ya 20 na standadi divieshen 2, hamna mbwembwe. Kuna jamaa tulikuwa tunatreda naye sebule moja, Machi 2022 USDJPY ilianza mwezi ikiwa kwenye 115 hivi, ikapanda ikagusa bendi ya juu kwenye chati ya siku, jamaa akauza, eti imefika ukutani. Ikagusa tena akaongeza oda, ikagusa tena akaongeza, tarehe 28 ikapita 125. Aprili ndo yen ikashuka siku 13 mfululizo mpaka dola ikafika yen 129, ila yeye hakuiona hiyo maana akaunti ilishaungua kitambo. Sasa wenzangu mnajuaje hapa bei itageuka na hapa itatembea na bendi?

Mtoto wa Soko
Mbona rahisi mkuu, asilimia 95 ya bei inakaa ndani ya bendi, ikitoka nje lazima irudi. Jamaa yako shida yake lotu kubwa tu. Mimi EURGBP nauza juu nanunua chini, faida nachukua mstari wa kati, na inalipa.

Bi Chati
@Mtoto wa Soko kwa EURGBP sikubishii, ile pea inapenda kuzunguka palepale na bendi zake zinakuwa zimelala. Ila hiyo 95 kwa bei halisi haifiki, na tatizo kubwa ni kuipeleka kila mahali. Bendi si ukuta, inahesabiwa upya kila kendo kwa bei hizohizo unazopigana nazo.

Chukua karatasi ujionee. Tuseme bei inapanda shilingi moja kila siku bila haraka, siku ya kwanza imefunga 101, ya pili 102, mpaka ya ishirini 120. Averaji ni 110.5. Standadi divieshen inatoka 5.77, mara mbili ni 11.5, kwahiyo bendi ya juu iko 122. Bei iko 120! Yani mwendo wa pole wa mstari ulionyooka, hamna habari yoyote ya kushtua, tayari bei imekaa shilingi mbili tu chini ya bendi na itakaa hapohapo siku zote trendi ikiendelea hivyo. Ikikaza mwendo kidogo inaigusa. Sasa mtu anayeuza kwa sababu bendi imeguswa anauza kwa sababu kuna trendi, hana sababu nyingine. John Bollinger mwenyewe alishasema miaka mingi kwamba kugusa bendi peke yake si signo.

Pipsi wa Kahama
Aisee nimeipiga kwenye ekseli imetoka hivyohivyo. Haya na skwizi je? Maana kila nikiona bendi zimebana moyo unaenda mbio

Mwana wa Eldoret
Sasa mimi nitawaambia za gold kwa M15. Usiku zile masaa za Asia bendi zinabana karibu kila siku, si ati kuna kitu inapikwa, ni watu wamelala tu. Na ile Ijumaa ya ajira za Marekani inabana tena mchana mzima, halafu saa tisa na nusu (wakati wa baridi huko kwao inakuwa saa kumi na nusu) inaruka pande zote mbili ndani ya dakika moja na spredi inafunguka kama mdomo wa mamba. Ukiwa umeweka buy stop juu na sell stop chini zote mbili zinachukuliwa na zote mbili zinapigwa. Mimi skwizi kwenye chati za chini ya H4 siangalii tena, aki.

Bi Chati
Mwana wa Eldoret kagusa penyewe. Kubana lazima upime, macho yanadanganya kwa sababu chati inajivuta yenyewe kwenye skrini. Weka BandWidth chini ya chati, ni bendi ya juu toa ya chini gawa kwa mstari wa kati. Kipimo cha Bollinger ni kwamba hiyo namba iwe ya chini kabisa ndani ya miezi 6, siyo chini kuliko jana.

Mfano ninaoupenda ni bitkoini 2018. Kuanzia katikati ya Septemba ilikwama kwenye 6,200 mpaka 6,600 hivi, watu wakaanza kusema imekuwa kama dola, haichezi. Bendi zikabana kwelikweli. Tarehe 15 Oktoba ikaruka juu ghafla, sehemu nyingine ikakaribia 7,000 na nyingine ikapita kabisa, ikatoboa bendi ya juu, waliokuwa wanasubiri skwizi wakanunua. Kumbe chanzo ni Tether iliyumba siku hiyo, watu wanakimbilia bitkoini. Ikarudi ndani ya siku chache na ikalala tena mwezi mzima. Hiyo ndo danganya toto ya skwizi, mtoboo wa kwanza kwenda upande wa uongo. Tarehe 14 Novemba, siku moja kabla ya Bitcoin Cash kugawanyika, ikavunja chini ya 6,000. Na hapo angalia bendi zote mbili: ya chini inashuka na bei, ya JUU inapanda kwa nguvu wakati bei inaanguka. Ule mdomo ukifunguka pande zote mbili ndo unaona nguvu mpya imeingia. Bei ikatembea na bendi ya chini mpaka kwenye 3,600 na ushee kuelekea mwisho wa mwezi, na aliyenunua kwenye 5,500 kwa sababu iko nje ya bendi alikuwa sahihi kabisa kihesabu, ilikuwa nje.

Skwizi haikwambii upande. Ile hesabu inazidisha tofauti kwa zenyewe, kwahiyo juu na chini kwake ni sawa.

Mdau wa DSE
Mimi sitredi forex ila niseme la kwangu. Niliweka hizi bendi kwenye hisa moja pale soko la Dar, zimebana mpaka zimekuwa mstari mmoja, nikasubiri mlipuko. Wiki zinapita bei ileile. Ndo nikaangalia ujazo nikakuta siku nyingi hisa haijauzwa kabisa, bei ya kufunga wanaibeba ya jana.

Bi Chati
@Mdau wa DSE hapo standadi divieshen inaelekea sifuri kwa kukosa wateja, siyo kwa utulivu. Oda moja ya mtu mwenye shida ya ada inaitoboa bendi. Hiyo indiketa huko iache.

Mtoto wa Soko
Haya nimekubali kwenye trendi nisiuze. Ila unatoka lini? Maana ukisubiri mstari wa kati unarudisha faida nusu

Bi Chati
Mimi nasubiri mstari wa kati. Ile bitkoini haikurudi juu ya averaji ya 20 mpaka baada ya katikati ya Desemba, ilishafika 3,200 hivi.

Mwana wa Eldoret
Mimi siwezi. Bendi ya ng'ambo, ile iliyokuwa inakimbia kinyume, ikianza kukunja kurudi natoa nusu. Mara nyingi nimetoka mapema na ikaendelea, lakini nalala.

Bi Chati
Kukunja kunaonyesha kasi imepungua tu, trendi inaweza kuendelea wiki nyingine tatu. Nusu nayo sawa lakini usiiite signo ya kugeuka.

Mwana wa Eldoret
Sijaiita hivyo dada, nimesema nalala 😂

kijana_v75
wakuu samahani mnatumia setingi gani ya bendi kwa V75 dakika moja nataka roboti inunue chini iuze juu

Mtoto wa Soko
Kijana anza kusoma uzi kule juu, hasa ile ya shilingi 120 na 122